Bimu Iliyotoa Tumbo Mwaka wa Tatu: Jinsi ya Kukadiria Mshuko wa Zege Kabla Hujamwaga

Mwalimu alinipigia simu asubuhi moja ya Oktoba. Salamu zake huwa ndefu, kwa hiyo nilijua kuna jambo aliposalimia kwa ufupi. "Fundi, ule mlango wa vioo wa fremu ya kati hausukumiki tena. Na juu ya bimu ukuta umepasuka, ufa umelala."

Jengo lake liko Uyole, Mbeya. Tulimaliza kulijenga miaka mitatu kabla ya simu hiyo: fremu za maduka chini, na juu ya fremu ya kati bimu moja ya mita 5 iliyobeba ukuta wa tofali za kuchoma. Nilifika na kamba na futi. Nikapigilia msumari kila mwisho wa bimu, nikaweka kipande cha mbao cha milimita 30 kila upande, nikavuta kamba chini ya bimu hadi ikalia. Katikati, pengo kati ya kamba na zege halikuwa 30. Lilikuwa 8. Bimu ilikuwa imeshuka milimita 22.

Kijana niliyekuwa naye akasema nondo ziliibiwa usiku kabla ya kumwaga. Si wazo la kijinga, mambo hayo hutokea. Tukachimba kidogo chini ya bimu: nondo zote tatu za 16 zilikuwepo, safi, hazina kutu. Nyufa za zege zilikuwa nyembamba kama unywele na zilisimama wima katikati. Hakuna kilichovunjika. Mwalimu alinitazama na kuuliza kama jengo linaanguka, nikamjibu haliendi popote, ila hesabu ya mshuko hatukuipiga kabla ya kujenga. Tulipiga ya nguvu peke yake, nayo ilikuwa imetimia.

Hapa nitaipiga ile ambayo hatukuipiga, kwa bimu hiyohiyo.

Kwa nini mzigo uleule unaendelea kushusha bimu

Ukivua fomu na kutoa mirunda, bimu inashuka papo hapo. Huo ndio mshuko wa mwanzo, na kila mtu anautegemea. Usioutegemea ni ule unaofuata kwa miezi na miaka bila mtu kuongeza hata tofali moja. Unatokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja.

La kwanza ni kutambaa kwa zege, ambako wahandisi hukuita kripu. Saruji iliyoganda si jiwe kamili. Ndani yake kuna vitundu vidogo mno vyenye maji, na kuta za vitundu hivyo hujipanga upya taratibu zinapobanwa muda mrefu. Umewahi kuona mbao za chaga la kuwekea magunia ya mahindi: siku ya kwanza zimepinda kidogo, ukifika Februari zimepinda zaidi, na ukiyaondoa magunia hazirudi zote. Zege ya kawaida ikibanwa mfululizo kwa miaka, ufupi wake unaweza kufika mara tatu hadi nne ya ule wa siku ya kwanza.

La pili ni kusinyaa. Zege hupoteza maji na kupungua urefu hata kama haibebi chochote. Kama ingesinyaa sawasawa juu na chini, bimu ingekuwa fupi tu na isingepinda. Lakini chini kuna nondo nene zinazoikatalia, na juu kuna nondo mbili nyembamba ambazo hazina nguvu ya kukataa. Upande wa juu unafupika kuliko wa chini, na bimu inapinda kuelekea chini, kulekule unakoisukuma mzigo.

Sasa swali ambalo hata mafundi wazoefu hulipita haraka. Kama zege inafupika mara tatu na nusu, kwa nini bimu haishuki mara tatu na nusu? Kwa sababu nondo hazitambai. Bimu iliyopasuka chini inapinda kuzunguka mstari fulani usiobanwa wala kuvutwa: juu yake zege inabanwa, chini yake nondo zinavutwa. Katika bimu ya Mwalimu mstari huo ulikuwa takribani milimita 118 kutoka juu siku ya kwanza. Zege ilipolegea, bimu ilihitaji zege nyingi zaidi kubeba mbano uleule, mstari ukateremka kuelekea milimita 190. Mvuto wa nondo uliongezeka kidogo tu, chini ya asilimia kumi. Kwa hiyo upande mmoja wa bimu unalegea sana na mwingine karibu haulegei. Ukijumlisha kutambaa na kusinyaa, bimu ya kawaida huishia na mshuko wa takribani mara mbili na nusu hadi tatu ya ule wa kwanza.

Na kinachohesabika hapa ni mzigo unaokaa. Watu wakisimama juu ya slabu kwenye harusi ya jioni moja, bimu inashuka na kurudi. Ukuta hauondoki. Marumaru haziondoki. Na huku kwetu Nyanda za Juu ghala nalo halimo kwenye kundi la mizigo ya kupita: mahindi yanaingia baada ya mavuno ya Juni na Julai na mengine yanakaa hadi bei ipande wakati wa mvua. Gunia linalokaa miezi sita lihesabu pamoja na ukuta, hata kama vitabu vya mizigo vinaliita mzigo wa matumizi.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo unaokaa, kwa kilo kwa kila mita

Bimu ina upana wa milimita 230 na kina cha 450. Zege yenye nondo ina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo bimu yenyewe ni kilo 250 kwa kila mita. Ukuta una unene wa milimita 230 na urefu wa mita 2.4 kwenda juu. Kwa tofali za kuchoma pamoja na udongo wa saruji nimechukua kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, inakuja kilo 1,000. Lipu pande zote mbili ni 120. Linta ya juu na sehemu ya paa, nimekadiria 130. Jumla ni kilo 1,500 kwa kila mita, ambazo ukizigeuza ni kilonewtoni 15 kwa mita, au nyutoni 15 kwa kila milimita.

Pima tofali zako mwenyewe. Za tanuru moja hutofautiana na za jingine, na zilizolowa mvua ni nzito zaidi.

Hatua ya 2: Mshuko wa mwanzo, ukichukua bimu iliyopasuka

Kwa bimu iliyoketi juu ya nguzo mbili bila kushikwa na nyingine:

```
mshuko wa mwanzo = 5 w L⁴ / (384 E I)

w = 15 N/mm
L = 5000 mm
E = 21000 N/mm²
```

E ni ugumu wa zege ya daraja la 25, ile iliyochanganywa na kukomazwa vizuri. Iliyobaki ni I, kipimo cha jinsi umbo la bimu linavyokataa kupinda, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Ukichukua mstatili mzima wa 230 kwa 450 unapata I ya milimita⁴ milioni 1,747, na mshuko unatoka milimita 3.3. Unafurahi, unaenda kulala. Lakini bimu hii imepasuka. Zege ya daraja hili inaanza kupasuka chini ikifikia mpindo wa karibu kilonewtoni-mita 21, na mzigo wetu unatoa 47. Zege ya chini haisaidii tena isipokuwa vipande vilivyobaki kati ya ufa na ufa. Ukikokotoa kwa bimu iliyopasuka yenye nondo tatu za 16, na kuongeza msaada mdogo wa vipande hivyo, I inashuka hadi milioni 620 hivi. Mshuko wa mwanzo ni milimita 9.4. Karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na bado ni siku ya kwanza.

Kama huna mhandisi wa kukokotoa I ya bimu iliyopasuka, kwa bimu za nyumba zenye nondo za kawaida chukua theluthi moja ya I ya mstatili mzima. Ni makadirio ya kuchungulia tu, ila yatakuepusha na kosa kubwa.

Hatua ya 3: Mzidisho wa muda

Kanuni iliyo rahisi kuliko zote iko kwenye msimbo wa Marekani wa ACI 318. Mshuko wa ziada ni mshuko wa mwanzo wa mzigo unaokaa, ukizidishwa hivi:

```
mzidisho = ξ / (1 + 50 ρ')
ρ' = eneo la nondo za juu / (b × d)
```

Herufi ξ ni ya muda ambao mzigo umekaa: 1.0 kwa miezi mitatu, 1.2 kwa miezi sita, 1.4 kwa mwaka mmoja, 2.0 kwa miaka mitano na kuendelea. Sehemu ya chini ya kanuni inasema nondo za juu, katikati ya bimu, zinapunguza ongezeko hilo, kwa sababu zinabeba sehemu ya mbano na zinakataa kusinyaa.

Mwalimu alikuwa na nondo mbili za 10 juu, zile za kushikia ringi. Eneo lake ni milimita za mraba 157. Upana b ni 230, na d, kina kinachofanya kazi kutoka juu hadi katikati ya nondo za chini, ni kama 400. Kwa hiyo ρ' ni 0.0017, na kigawanyo ni 1.085. Miezi mitatu baada ya kupandisha ukuta, ongezeko ni milimita 8.7. Mwaka mmoja, 12. Miaka mitano, 17.3. Ukijumlisha na 9.4 za mwanzo, bimu inaishia kwenye milimita 27.

Angalia jinsi muda ulivyogawanyika. Nusu ya ongezeko lote inakuja ndani ya miezi mitatu ya kwanza, wakati mafundi bado wanapiga lipu na kupaka rangi, na hakuna anayepima. Inayobaki inakuja polepole, jengo likiwa limeshapangishwa.

Kwenye mwaka wa tatu kanuni ilitaka 24 au 25. Kamba yetu ilisema 22. Nadhani ilikuwa bahati zaidi kuliko ustadi, kwa maana kukosea kwa theluthi moja juu au chini ni jambo la kawaida. Usimwahidi mwenye jengo milimita kamili.

Hatua ya 4: Linganisha na mpaka

Mipaka inayotumika sana ni miwili. Mshuko wote usizidi urefu wa bimu ukigawanya kwa 250, ambayo kwa mita 5 ni milimita 20. Na mshuko unaotokea baada ya vitu vinavyovunjika kuwekwa, yaani ukuta, lipu, milango ya vioo, usizidi urefu ukigawanya kwa 500, yaani milimita 10.

Bimu yetu imeshindwa yote mawili, na la pili ndilo lililomuumiza Mwalimu. Tofali hazijui kupinda. Bimu ikishuka chini yake, ukuta unajishikilia kama tao kutoka nguzo hadi nguzo, na sehemu ya chini katikati inaachana na kilicho juu yake. Ndiyo maana ufa wake ulikuwa umelala. Mlango nao ulikuwa umepewa nafasi ya milimita 12 juu ya fremu ya alumini, fundi wa vioo akidhani ni nyingi.

Hatua ya 5: Unachoweza kubadilisha, kwa mpangilio wa faida

Ongeza kina kwanza. Bimu ileile ikiwa na kina cha 600 badala ya 450, nondo zilezile, inashuka milimita 4.2 mwanzoni na jumla ya 12 baada ya miaka mitano. Imepungua kutoka 27 kwa kuongeza zege ya sentimita 15 na urefu wa ringi. Hakuna pesa nyingine kwenye bimu inayofanya kazi hiyo. Mwenye jengo atalalamika kwamba mlango utakuwa mfupi; mwonyeshe hesabu hii kabla nguzo hazijapanda, maana baada ya hapo kina kimeshafungwa.

Kama kina hakiongezeki, weka nondo za juu zenye maana. Ukibadilisha zile mbili za 10 kwa tatu za 16, ongezeko la miaka mitano linashuka kutoka 17.3 hadi 14.2. Ni faida, lakini si muujiza. Bado uko nje ya mpaka.

Nondo zaidi za chini zinasaidia pia, kwa sababu I ya bimu iliyopasuka inazitegemea sana. Zege yenye saruji nyingi zaidi husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ikiwa saruji hiyo imekuja na maji mengi inaweza isisaidie kabisa, kwa kuwa udongo wa saruji ndio unaotambaa na kusinyaa, wala si kokoto. Kokoto ngumu ndizo zinazozuia. Iringa wana granaiti, hawana sababu ya kulalamika. Mbeya tuko pembeni mwa volkano za Rungwe, na sokoni unaweza kuletewa mawe mepesi yenye matundu. Ukilishika jiwe mkononi ukaona ni jepesi kuliko ukubwa wake, liweke kwenye msingi wa uzio, siyo kwenye bimu ya mita 5.

Kuinua fomu katikati ni jambo zuri kwa macho. Kwa bimu hii ningeinua milimita 15, kwa kabari chini ya mrunda wa katikati, nikipima kwa kamba kabla ya kumwaga. Lakini usijidanganye: bimu iliyoinuliwa inashuka milimita zilezile. Jicho litaona imenyooka, ukuta utapasuka vilevile.

Hatua ya 6: Siku za mirunda na mpangilio wa kupandisha ukuta

Zege changa hutambaa zaidi ya iliyokomaa, na hupasuka mapema zaidi. Kwa hiyo siku unayotoa mirunda inaandika sehemu ya mshuko wa miaka yote itakayofuata. Msimbo wa zamani wa Uingereza, BS 8110, ulitoa kipimo kizuri cha mirunda ya bimu kwa saruji ya kawaida:

```
siku = 360 / (t + 10)
```

t ni joto la wastani la uso wa zege. Dar es Salaam hakuna anayehangaika nayo. Huku, Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na wastani wa mchana na usiku ukiwa 12, kanuni inatoa siku 16 na kidogo. Sisi tulitoa siku ya 11 kwa sababu mirunda ilikuwa ya kukodi na ilisubiriwa kwingine. Na hizo 16 ni kiwango cha chini cha usalama. Kwa ajili ya mshuko mimi sasa nasubiri siku 28 chini ya bimu yoyote inayozidi mita 4.

Mwagilia siku saba mfululizo, na funika kwa viroba vilivyolowa. Kwenye kiangazi chetu, hasa Septemba na Oktoba, upepo mkavu unakausha bimu ya upana wa 230 kutoka pande mbili na chini kwa mara moja, na kila inapokauka haraka inasinyaa zaidi na kutambaa zaidi.

Kisha ukuta. Usiupandishe mirunda ikiwa bado chini: siku utakayoitoa, mshuko wote wa mwanzo utaingia kwenye ukuta ulioshakauka. Toa mirunda kwanza, bimu ibebe uzito wake. Pandisha ukuta nusu, pumzika wiki mbili, malizia. Udongo ukiwa bado mbichi tofali zinafuata bimu bila kupasuka. Lipu iwe kazi ya mwisho kabisa kwenye jengo, na ikiwezekana isubiri miezi mitatu, kwa sababu ile nusu ya ongezeko itakuwa imeshapita. Fremu ya mlango wa vioo chini ya bimu ya namna hii iachie nafasi ya milimita 25, ijazwe na mpira au povu, isijazwe na saruji.

Hatua ya 7: Bimu imeshashuka, nifanye nini

Kwanza jua kama ni kutambaa au ni hatari. Kutambaa kunaonekana kwa nyufa nyembamba, wima, katikati ya bimu, na kwa mwendo unaopungua kila unapopima. Nyufa za mshazari karibu na nguzo, ufa unaoweza kuingiza ukingo wa sarafu, kutu inayotoka kwenye ufa, au mwendo unaoongezeka badala ya kupungua: hayo siyo mambo ya makala hii. Rudisha mirunda siku hiyohiyo, ondoa watu, mwite mhandisi aliyesajiliwa.

Kama ni kutambaa, pima. Acha misumari miwili ya kudumu, kamba ileile, kipande kilekile cha mbao, saa ileile ya asubuhi, kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ufa wa ukuta bandika kipande cha kioo chembamba kwa gundi ngumu, andika tarehe kwa kalamu pembeni. Kikikatika, ufa bado unafunguka.

Kuna tiba moja nimeiona mara nyingi na ni mbaya: kusawazisha sakafu iliyobonyea juu ya slabu kwa kumwaga zege nyembamba katikati. Umeongeza mzigo unaokaa mahali palepale palipolegea, na mzidisho unaanza upya kwa mzigo huo mpya. Tumia kitu chepesi au acha.

Kwa Mwalimu tulikata fremu ya alumini juu kwa milimita 20 na kuweka ukanda wa mpira. Ufa hatukuuziba mwaka huo. Mwaka wa nne kamba ilionyesha 23.5, mwaka wa tano 24, na kioo cha pili hakikukatika. Hapo ndipo tulipojaza ufa kwa gundi inayonyumbuka na kupaka rangi juu yake. Mwalimu bado ana kile kipande cha mbao cha milimita 30. Anakiweka kwenye droo ya dukani, na kila Oktoba anapima mwenyewe, kisha ananitumia namba kwa ujumbe mfupi.